Miwani ya kambini: ‘Mbili’ ya mwingine si ‘mbili’ ya mwanao

Mzazi mwenzangu, miezi kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja kliniki na mwanawe wa miaka tisa, darasa la tatu. Mtoto aliniamkia vizuri, akapanda kwenye kiti, akavua miwani na kuiweka mezani kabla sijamwambia avue. Hapo nikaanza kuwa na shaka. Mtoto anayesaidiwa na miwani yake huwa hana haraka ya kuivua.

“Daktari, huyu alipewa miwani kwenye kambi ya macho iliyokuja kwetu,” mama akaanza. “Walimpima, wakasema anahitaji namba mbili, wakamtafutia namba mbili kwenye boksi. Palepale akasoma herufi, sote tukafurahi. Sasa mwalimu ananiambia darasani anaivua. Nyumbani kila jioni ni kichwa, kichwa. Nimeshamchapa mara mbili kwa sababu ya hii miwani.”

Mtoto alikuwa anaangalia viatu vyake.

Leo nataka kueleza nilichokikuta kwenye miwani ile, kwa sababu kambi za aina hii zinafika kwenye kata nyingi, na wazazi wengi huondoka pale na miwani iliyowahi kuvaliwa na mtu mwingine. Wanaoileta wana nia njema. Watu wa nchi za mbali huacha miwani yao ya zamani kwenye maboksi ya kukusanyia, inasafishwa, inapimwa nguvu kwa mashine, inawekwa kwenye mifuko yenye namba, kisha inasafirishwa. Kambini mtu akipimwa, mhudumu anatafuta mfuko wenye namba iliyo karibu na yake. Tatizo liko kwenye hilo neno “karibu”.

Namba ya kwenye mfuko ni wastani

Sisi tumezoea mitumba. Shati likiwa kubwa unampelekea fundi cherehani, anapunguza, linakaa. Lenzi ya miwani haina fundi wa kuipunguza. Ilikatwa kwa ajili ya macho mawili ya mtu mmoja, na itabaki hivyo mpaka ivunjike.

Macho ya mtoto huyu yalikuwa hayaoni mbali. Nilipompima upya, jicho la kushoto lilihitaji nguvu ya 2, au karibu kabisa na hapo. Jicho la kulia lilikuwa na hadithi nyingine. Kioo cha mbele cha jicho lile hakikuwa na mviringo sawa kila upande kama mpira wa miguu, bali kilijipinda zaidi upande mmoja, kama yai. Hali hiyo wataalamu huiita astigmatizimu, na watu wengi wanayo kwa kiasi fulani. Jicho la namna hiyo haliwezi kutoshelezwa na namba moja. La mtoto huyu lilihitaji nguvu ya 1 kwa upande wa mlalo na nguvu ya 3 kwa upande wa wima. Moja na tatu, gawanya kwa mbili, unapata 2. Hiyo ndiyo “namba mbili” aliyoambiwa mama.

Kisha nikaweka miwani ya kambini kwenye mashine ya kupimia lenzi. Lenzi ya kushoto ilikuwa 2 kila upande, kwa hiyo ilifaa. Lenzi ya kulia nayo wastani wake ulikuwa 2, lakini aliyekuwa akiivaa zamani alikuwa na jicho lililojipinda kinyume na la mtoto huyu. Kwa mlalo ilikuwa na nguvu ya 2.75, na kwa wima 1.25. Yaani mahali mtoto alipohitaji nguvu ndogo alipewa kubwa, na alipohitaji kubwa alipewa ndogo.

Tupige hesabu pamoja, ni ya darasani tu. Kwa mlalo alihitaji 1 akapewa 2.75, kwa hiyo imezidi kwa 1.75. Kwa wima alihitaji 3 akapewa 1.25, imepungua kwa 1.75. Bila miwani, jicho lake lilikuwa na tofauti ya 2 kati ya wima na mlalo. Akivaa miwani, tofauti hiyo inapanda mpaka 3.5. Kasoro ya umbo la jicho, ambayo miwani ilipaswa kuifuta, ilikuwa imeongezwa.

Kwenye karatasi ya vipimo, hali hii huandikwa kwa namba tatu kwa kila jicho. Ya kwanza ni nguvu ya jumla. Ya pili ni nguvu ya ziada ya upande mmoja, inayoitwa silinda. Ya tatu ni mwelekeo wa hiyo silinda, unaoandikwa kwa nyuzi kuanzia 1 hadi 180. Hiyo ya tatu ndiyo watu wengi huidharau, kwa kuwa haionekani kama “nguvu”. Fikiria mshale wa saa ya ukutani. Ukitoka saa sita kwenda saa saba umezunguka nyuzi 30. Sasa chukua lenzi yenye silinda sahihi kabisa, uizungushe kwa nyuzi hizo 30 tu. Astigmatizimu inayobaki jichoni ni kubwa sawasawa na ile ambayo mtu angekuwa nayo bila silinda yoyote. Ukivuka hapo, miwani inaanza kuharibu badala ya kusaidia. Ukifika nyuzi 90, kasoro inakuwa mara mbili. Ya mtoto huyu ilikuwa huko, kwenye nyuzi 90.

Mbona kambini alisoma herufi?

Mama aliuliza swali hilo mara moja, na ni swali la haki kabisa. Yeye aliona kwa macho yake mtoto akisoma.

Sababu ya kwanza ni kwamba alisoma kwa macho yote mawili wazi. Jicho la kushoto lilikuwa limepata lenzi yake, likafanya kazi ya wawili. Nilipomfunika jicho la kushoto na kumwambia asome kwa la kulia, akiwa na miwani ileile, alisita kwenye mistari ya juu tu. “N… au H,” akasema. Mama akashika mdomo. Muda wote ule hakujua kwamba mtoto alikuwa akitumia jicho moja.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto anasema ukweli akikwambia “naona vizuri zaidi”. Bila miwani, ubao ulikuwa ukungu mtupu. Ukimpa wastani unaofanana na wake, ukungu unapungua. Lakini kupungua kwa ukungu hakumaanishi kwamba picha imekuwa safi, na mtoto ambaye hajawahi kuona picha safi hana cha kulinganisha nacho.

Sababu ya tatu ni kwamba jicho la mtoto lina nguvu ya ajabu. Ndani yake kuna lenzi laini inayokazwa na msuli ili kuona karibu. Mtoto anayehitaji 1 ukimpa 2, msuli huo unaweza kujikaza kufidia ile nguvu iliyozidi, na herufi zikasomeka vizuri kabisa. Mtu mzima wa miaka 50 angekataa hapohapo. Mtoto hukubali, kisha msuli unafanya kazi hiyo kutwa nzima, na jioni analalamika kichwa. Ndiyo maana mtoto hupimwa baada ya kuwekewa matone yanayolegeza msuli huo. Matone hayo humfanya asione vizuri karibu na aumizwe na mwanga kwa muda. Mengine huisha ndani ya siku moja, mengine huchukua siku kadhaa. Kama mwanao alipimwa kambini bila matone, kipimo kile kichukuliwe kama dalili kwamba anahitaji kupimwa vizuri.

Katikati ya lenzi na katikati ya jicho

Kulikuwa na jambo la pili kwenye miwani ile, nalo lingekuwepo hata kama namba zote zingekuwa sawa.

Kila lenzi ina kitovu chake, yaani sehemu ambayo mwanga hupita bila kupindishwa pembeni. Kitovu hicho kinapaswa kukaa mbele ya mboni. Mboni za mtoto huyu zilikuwa zimeachana kwa milimita 54. Vitovu vya lenzi zile viliachana kwa milimita 66, kwa sababu miwani ilitengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu mzima. Tofauti ni milimita 12, yaani kila jicho linatazama milimita 6 kando ya kitovu.

Lenzi ukiitazamia kando ya kitovu hupindisha picha. Kadiri lenzi ilivyo na nguvu, ndivyo inavyopindisha zaidi. Kwa nguvu zile, picha ya jicho la kulia na ya kushoto zilitengana kwa karibu sentimita 3 kwa kila mita moja ya umbali. Ubao ukiwa mita nne kutoka kwenye dawati, hiyo ni zaidi ya sentimita 11. Ili mtoto asione ubao mara mbili, macho yake yalilazimika kuvutwa kuelekea nje, upande wa masikio. Macho yetu ni hodari kujikunja kuelekea puani, maana ndivyo tunavyosoma kitabu, lakini kujitanua kuelekea nje ni kazi ambayo hayaiwezi kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtoto alikuwa na sababu mbili za kuumwa kichwa, na zote zilikuwa ziko puani kwake.

Ndiyo maana fundi mzuri wa miwani hupima umbali kati ya mboni kabla ya kukata lenzi. Kwenye karatasi, umbali huo huandikwa kwa milimita pembeni ya herufi PD. Karatasi isiyo na namba hiyo haijakamilika.

Unavyoweza kukagua mwenyewe

Kama nyumbani kuna miwani ya kupewa, huhitaji mashine ili kupata fununu. Vaa utulivu wako, kaa mbele ya fremu ya mlango, fanya hivi.

Shika miwani mbali kidogo na uso, funga jicho moja, utazame ukingo wa wima wa mlango kupitia lenzi moja. Sasa izungushe miwani polepole kama usukani wa gari, kidogo kulia, kidogo kushoto. Kama ukingo unaoonekana ndani ya lenzi unabaki wima, lenzi haina silinda, au inayo ndogo sana. Kama ukingo wa ndani unalala na kujipinda huku ule wa nje umesimama, lenzi ina silinda. Miwani yenye silinda ilitengenezwa kwa ajili ya jicho fulani mahususi. Uwezekano wa silinda hiyo kuwa na nguvu ileile na mwelekeo uleule anaouhitaji mwanao ni mdogo mno.

Kisha tafuta kitovu. Shika miwani ikiwa imenyooka, uisogeze kushoto na kulia mpaka ukingo wa mlango unaoonekana ndani ya lenzi uungane sawasawa na ule wa juu na chini ya lenzi, bila kukatika. Tia alama ndogo ya kalamu hapo. Fanya hivyo kwenye lenzi ya pili. Pima kwa rula umbali kati ya alama mbili. Halafu mwambie mtoto atazame mbali, juu ya bega lako, uweke rula chini ya macho yake na upime kutoka katikati ya mboni moja hadi nyingine. Vipimo vikitofautiana kwa milimita moja au mbili, usihangaike. Vikitofautiana kwa kumi, umepata jibu la kwa nini anaivua.

Mwisho, mpime jicho mojamoja. Bandika kalenda ukutani, mtoto asimame hatua nne au tano, amevaa miwani, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Asome tarehe. Kisha jicho la pili. Macho hayo mawili yakisoma kwa tofauti kubwa, mpeleke kwa mtaalamu, hata kama kwa macho yote mawili anasoma kila kitu.

Haraka ya nini?

Watu wengi huniuliza kama miwani isiyo sahihi “inaua macho”. Kwa mtu mzima, hapana. Itamsumbua, itamuumiza kichwa, akiivua yamekwisha. Kwa mtoto mdogo hatari ni nyingine. Ubongo wake bado unajifunza kuona, na unajifunza kutokana na picha safi. Jicho likileta picha yenye ukungu miaka nenda rudi, ubongo huacha kulisikiliza na kulitegemea lile jingine. Baadaye hata ukilipa lenzi sahihi, halioni vizuri, ingawa jicho lenyewe halina ugonjwa. Nafasi ya kurekebisha ni nzuri zaidi kabla ya miaka saba au nane, na hupungua kadiri umri unavyokwenda. Miwani ya kambini ilimpotezea mtoto huyu muhula mzima, huku kila mtu akiamini kwamba ameshasaidiwa.

Basi tusiende kambini?

Nendeni. Kambi nzuri inakupa kitu chenye thamani kuliko boksi la miwani, nacho ni kipimo. Omba uandikiwe matokeo kwenye karatasi, kila jicho namba zake tatu, pamoja na umbali wa mboni. Ukiwa na karatasi hiyo unaweza kwenda duka la miwani la wilayani ukatengenezewa. Kambi nyingine siku hizi hupima leo na kuleta miwani mpya iliyokatwa kwa vipimo baada ya wiki kadhaa. Hiyo ndiyo ya kuiulizia. Kwa siku hizo za kusubiri, mwombe mwalimu amkalishe mtoto dawati la mbele.

Kuna watu ambao miwani mipya iliyotengenezwa tayari, yenye nguvu sawa pande zote mbili, huwatosha. Bibi au babu ambaye tatizo lake ni kusoma na kutunga uzi kwenye sindano, na macho yake mawili yanalingana, anaweza kununua miwani ya kusomea ya namna hiyo na akawa sawa. Hata mtoto anaweza kufaa, kama kipimo kimeonyesha macho yake yanalingana, hana silinda ya kuhesabika, na fremu inaendana na umbali wa mboni zake. Kinachoamua hapo ni kipimo, si bahati ya boksi.

Na boksi lenyewe halina faida kubwa kama tunavyodhani. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kukagua miwani 275 ya kuchangwa, wakakuta ni asilimia 7 tu iliyofaa kutumika. Ukijumlisha kukusanya, kuchambua, kusafisha na kusafirisha, kila miwani iliyofaa iligharimu zaidi ya dola 20 za Marekani, karibu mara mbili ya mpya iliyotengenezwa tayari. Kama una ndugu nje ya nchi anayetaka kusaidia shule ya kijijini kwenu, mwambie agharimie lenzi mpya. Akiwa na fremu nzima za watoto, nazo azilete, kwa kuwa fremu inayomkaa mtoto inaweza kuwekewa lenzi mpya.

Yule mtoto nilimwandikia vipimo vyake baada ya matone. Alipovaa miwani yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, jicho la kushoto lilisoma mpaka mstari wa 6/6, ambao ndio uoni wa kawaida. La kulia liliishia 6/12, kwa sababu ubongo ulikuwa umeanza kulizoea ukungu. Sikumwahidi mama chochote. Nilimwambia avae kila siku, kutwa nzima, warudi. Baada ya miezi minne jicho la kulia lilisoma 6/9, na tunaendelea.

Siku ile ya kwanza, walipokuwa wanatoka, mama alisimama mlangoni akamshika mwanawe bega. “Baba, nisamehe,” akamwambia. “Nilidhani ni ukaidi.”